Namba Ni Ileile

Kuna watu hudhani kazi ya kupokea simu ni kazi ya kukaa tu. Waongo hao. Hebu wakalishwe siku moja kwenye kile kiti cha pale Pumzi Nyumbani, chenye mto uliochakaa upande wa kushoto, wasikilize watu wasioweza kumaliza sentensi bila kuvuta hewa mara tatu, halafu waje waniambie habari ya kukaa. Mwanamke ninayemsimulia alikikalia kiti hicho miaka kumi na mmoja. Wateja walimwita Dada wa Simu, na hata wale waliokuwa na umri wa kumzaa walimwita hivyohivyo.

Hakuajiriwa kupokea simu. Aliajiriwa kufagia. Siku moja karani hakuja, simu ikalia mpaka ikakera, akaweka fagio chini akaipokea. Upande wa pili kulikuwa na mtu anayelia kwamba mtungi wa mama yake umebaki robo. Dada wa Simu akamwambia, "Tulia kwanza. Mama amekaa au amelala? Mkalishe. Sindano ya mita inasoma ngapi?" Mwenye kampuni, ambaye wote walimwita Mzee Mtungi, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Kesho yake fagio likapewa mtu mwingine.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo: magari mawili, madereva wawili, ghala la mitungi ya oksijeni, na wateja mia mbili na kumi na wanne. Wote walikuwa wagonjwa wa nyumbani, watu wa mapafu yaliyochoka, wanaoishi na mrija mdogo puani mchana na usiku. Mtungi ukiisha, mgonjwa hana subira. Kwa hiyo Dada wa Simu alizijua nyumba zote, nani anafungua mlango, nani ana mbwa, nani kiziwi upande gani. Alikuwa akisikia mtu anavyopumua kabla hajasema neno, anamtaja. Wenzake walimtania kwamba angekuwa mganga angetajirika.

Miaka miwili nyuma kulizuka matapeli. Walikuwa wanachukua mitungi ya mafundi wa kuchomelea vyuma, wanaipaka rangi nyeupe, wanapita majumbani wakisema wametumwa na kampuni. Mgonjwa mmoja alipata hewa chafu, akalazwa wiki tatu. Mzee Mtungi alipandwa na hasira hizo, usiseme. Akamwagiza Dada wa Simu apige simu kila nyumba, moja baada ya moja, awafundishe wale wanaofungua mlango mambo matatu: jina la Pumzi Nyumbani kwenye gari, jina hilohilo kwenye kizibo cha bluu cha mtungi, na dereva wanayemjua sura. Kimoja kikikosekana, usifungue.

Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. "Hata akilia, mama, usifungue," alikuwa anasema. "Hata akikuapia kwa mama yake mzazi. Hata nikija mimi mwenyewe na gari lenye jina jingine, nifungie nje nilale barabarani." Walicheka, lakini walishika. Matapeli wakafukuzwa milango kumi na saba kwa mwezi mmoja, wakahamia kwingine. Ndiyo kazi aliyojivunia kuliko zote maishani mwake, na sikuambii hivyo kumpamba.

Sasa Mzee Mtungi akazeeka. Magoti yakamkataa, watoto wake hawakuitaka biashara, ikaja kampuni kubwa inayoitwa Hewatiba, yenye magari arobaini na jengo la vioo. Wakakubaliana kuunganisha kampuni. Kwa maneno ya kwenye karatasi ilikuwa ni kuungana. Kwa macho ya mtu yeyote mwenye macho ilikuwa ni kumezwa, maana jina lililobaki lilikuwa moja tu. Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata, Pumzi Nyumbani haitakuwepo tena. Zilibaki wiki mbili.

Meneja wa huduma kutoka Hewatiba akaja na taarifa kwa wateja. Alikuwa mwanamke nadhifu, si mkali, wala si mbaya wa roho, niseme ukweli. Taarifa ilikuwa imeandikwa, imepitiwa na mwanasheria, tayari kutumwa kwa ujumbe wa simu na barua pepe. Ilisema: *Mteja wetu mpendwa, Pumzi Nyumbani imeungana na Hewatiba na itatumia jina la Hewatiba kuanzia Jumatatu. Huduma ni ileile. Namba ya simu ni ileile. Bei na siku za kuletewa mitungi ni zilezile. Mkataba wako unaendelea. Huhitaji kufanya chochote.*

Dada wa Simu aliisoma mara mbili, akakuna kichwa.

"Dada meneja, samahani. Hapa panaposema hawahitaji kufanya chochote. Wanahitaji kufungua mlango."

"Si wanafungua siku zote?"

"Wanafungulia Pumzi Nyumbani. Jina jingine tuliwafundisha wasilifungulie. Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Ndiyo maana tunawatumia ujumbe."

"Unamtumia nani?"

Meneja akageuza kompyuta. Ujumbe ulikuwa unaenda kwa mteja, na mteja ni yule aliyesaini mkataba. Dada wa Simu akavuta kiti karibu. Akaanza kumwonyesha, huyu aliyesaini ni mtoto yuko nchi nyingine, huyu ni mwajiri wa zamani, huyu ni mkwe, huyu ni kanisa. Anayelipa na anayefungua mlango si mtu mmoja. Kati ya wateja wale, nyumba mia moja thelathini na moja zilikuwa na watu wawili tofauti, na wanaofungua mlango wengi wao hawasomi ujumbe, na wengine simu zao ni za vibonye na macho hayaoni.

"Kisheria, tukishamwarifu aliyesaini tumemaliza," meneja akasema. Halafu akaona uso wa mwenzake, akalegeza. "Sikatazi uwapigie. Ila uwapigie ndani ya saa zako, na Jumatatu laini zote zinahamia kituo chetu."

"Na madereva? Wanataka sura wanayoijua."

"Madereva wenu wote wawili wamechukuliwa, hakuna aliyeachishwa." Na hilo lilikuwa kweli. Ila hakusema, au pengine hakujua, kwamba njia zimepangwa upya na kila dereva amepewa mtaa asioujua.

Basi Dada wa Simu akapiga moyo konde. Akaandika orodha kwa mkono kwenye daftari la mistari, nyumba mia moja thelathini na moja, akaanza kupiga. Kila simu ilichukua dakika kumi, na nyingine thelathini, maana huwezi kumwambia mgonjwa jina limebadilika ukakata. Ataka kujua kama Mzee Mtungi amekufa. Hajafa, ni magoti. Ataka kujua kama mitungi ni ileile. Ni ileile, kizibo tu kitakuwa cha kijani. Ataka uthibitishe kwamba wewe ni wewe, na hapo lazima umtajie jina la mbwa wake. Bibi mmoja alimpima kwa maswali mpaka akatoa jasho, kisha akamwambia, "Haya, nimekuamini, lakini ujue nilitaka kukukatia." Dada wa Simu alicheka simu ilipokatika, halafu akaogopa. Kama hata yeye alikuwa anakatiwa, je, dereva mgeni mwenye gari geni?

Alikula palepale kwenye meza ya simu. Sauti ilimkauka, dada yake nyumbani akawa anamchemshia tangawizi. Mpaka Ijumaa ya mwisho jioni alikuwa amepiga mistari mia moja ishirini na mbili. Zilibaki nyumba tisa, na katika hizo tisa kulikuwa na nyumba ya Fundi Saa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Dada wa Simu mwenyewe alilisema baadaye bila kulipunguza. Fundi Saa alikuwa mteja wa miaka saba, mtengeneza saa aliyestaafu kwa sababu mikono ilikuwa mizima ila kifua kimekwisha. Mkewe ndiye aliyekuwa anafungua mlango na kupiga simu. Binti yao yuko mbali, ndiye aliyesaini. Mama huyu alimpenda Dada wa Simu kama mwanawe, na simu yake haikuwahi kuwa fupi. Ukimpigia kuuliza mita, atakupa habari za kuku, za jirani, za ndoto aliyoota juzi. Kila siku katika zile wiki mbili, jina lake lilikuwa linafikiwa, na kila siku Dada wa Simu alikuwa anaruka. "Huyu nitampigia mwisho, nikiwa na nafasi," alijiambia. "Huyu hata gari likija na jina la shetani, atanipigia aniulize." Aliwaza hivyo kwa mapenzi. Alimweka mwisho kwa sababu alikuwa wa karibu.

Akapanga kumaliza zile tisa Jumatatu asubuhi kabla magari hayajatoka.

Jumatatu asubuhi mlangoni alikuta karatasi: wafanyakazi wote wa Pumzi Nyumbani waripoti jengo la Hewatiba, mafunzo ya siku mbili. Akaenda. Wakakusanywa ukumbini, simu zao za mkononi zikawekwa kwenye kikapu ili wasisumbue. Akainua mkono, akasema ana nyumba tisa za kupigia. Mkufunzi akatabasamu, akamwambia kuna kituo kizima cha kupokea simu ghorofa ya pili, asiwe na wasiwasi. Angepiga kelele? Angegombana na mtu siku ya kwanza, na kazi anaitaka? Akakaa. Wakafundishwa jinsi ya kulitamka jina jipya kwa uchangamfu. Walilirudia kwa pamoja, watu wazima na mvi zao, mara kumi, ishirini. Saa saba walipopewa mapumziko alikimbilia kikapu, akapiga nyumba nne. Jioni, kwenye simu yake mwenyewe, akapiga nne nyingine. Nyumba ya Fundi Saa simu ililia bila kupokelewa, naye alikuwa anapiga kwa namba yake binafsi, ambayo mama yule hakuijua. Siku hizo mama alikuwa hapokei namba asiyoijua.

Sasa twende kwenye nyumba yenyewe. Jumatatu saa nne asubuhi gari la kijani lilisimama getini. Dereva mgeni akabisha, akasema ameleta mitungi miwili ya mzee. Mama akachungulia dirishani. Jina jingine. Kizibo cha kijani. Sura hajawahi kuiona. Akafunga komeo la juu na la chini.

"Mama, sisi ndio haohao, tumebadilisha jina," dereva akaita.

"Nimekusikia, mwizi wewe! Toka kabla sijaita watu!"

Dereva alikuwa na nyumba kumi na tisa mbele yake. Akabonyeza kwenye kifaa chake neno moja, *amekataa*, akaenda.

Mama akafanya vilevile alivyofundishwa: akapiga namba ya ofisi. Namba ilikuwa ileile, taarifa haikudanganya. Ikapokelewa na sauti ya kurekodiwa, tamu kama ya mtangazaji: Karibu Hewatiba. Mama akaitupa simu kitandani kana kwamba imemng'ata. Wezi wameiteka mpaka laini! Akapiga tena baada ya saa moja, akasikia jina lilelile, akakata. Akamtuma jirani kwenye ofisi ya zamani. Jirani akakuta kufuli na kibao kimeng'olewa, akarudi na habari hiyo, na habari hiyo ikazidi kuthibitisha kila kitu.

Ndani kulikuwa na mtungi mmoja uliobaki chini ya nusu. Mama akawa mjanja, na ujanja huo ndio uliomaliza mambo. Akapunguza mita. Badala ya lita mbili kwa dakika akaweka moja, na jioni akaweka nusu, ili mtungi udumu mpaka Dada wa Simu atakapowatafuta. Alikuwa na hakika atawatafuta. Jumanne gari likaja tena, akalifukuza tena, *amekataa* ya pili. Akapiga ile namba mara ya tatu, akasikia jina lile, akakata. Jumatano alfajiri midomo ya mzee ikabadilika rangi, ndipo jirani akakodi gari wakampeleka hospitali.

Jumatano hiyohiyo saa mbili Dada wa Simu alikaa kwenye meza yake mpya, ghorofa ya pili. Kitu cha kwanza alichofungua ni orodha ya waliokataa. Walikuwa watatu. Wawili wamekataa mara moja. Wa tatu mara mbili, na chini ya jina lake mfumo ulikuwa umeandika simu tatu zilizoingia: sekunde saba, sekunde sita, sekunde nne. Akapiga kwa laini ya ofisi, akapokelewa na jirani, aliyekuwa ameshika simu ya mama kwenye korido ya wodi.

Fundi Saa alikufa Ijumaa.

Baada ya mazishi meneja alimwita. Macho yake yalikuwa mekundu, nami sitaki kumfanya jiwe. Akampa kadi ya rambirambi na fomu ya kufunga huduma, isainiwe na mtu wa familia, na mitungi mitupu irudi. Katika fomu kulikuwa na mstari wa nne: *Mteja alipokea taarifa ya mabadiliko ya jina.* Ujumbe kwa binti ulikuwa umesomwa, mfumo ulionyesha. Binti alikuwa hata amejibu: asante, hongereni.

"Ni ya kumbukumbu tu," meneja akasema. "Usimwongezee mama machungu. Asaini, umfariji, uondoke."

Dada wa Simu alifika nyumbani kwa Fundi Saa saa tisa alasiri. Waombolezaji walikuwa wameanza kupungua, viti vya kukodi vimepangwa ukutani. Mama alikuwa amekaa sebuleni, amejifunika khanga mpaka kidevuni. Alipomwona, alimshika mikono yote miwili.

"Mwanangu. Nilijua utakuja. Nilimwambia mzee, huyu hatatuacha."

Dada wa Simu akapiga magoti mkekani. Akasema pole. Alikuwa ameiandaa hotuba nzima njiani. Haikubaki hata silabi.

"Nilifanya yote kama ulivyosema," mama akaendelea, akimpigapiga mkononi kama yeye ndiye mfiwa. "Walikuja mara mbili, na gari lao la kijani. Sikuwafungulia. Walitaka kumwekea mzee wangu ile hewa yao ya vyuma. Angalau kafa na hewa safi." Akamkazia macho. "Vipi, mmewakamata wale?"

Shangazi mmoja aliyekuwa anakusanya vikombe akasimama kusikiliza jibu.

Ndugu zangu, jibu lilikuwa rahisi mno. Bado, mama, polisi wanawatafuta. Basi. Mama angeendelea kuishi akijua amempigania mumewe mpaka mwisho. Fomu ingesainiwa. Hewatiba ingemshukuru. Hakuna mtu mle ndani ambaye angejua, na kuna wengi, wenye roho nzuri kabisa, ambao wangeliita jibu hilo huruma. Dada wa Simu alilifikiria, hakuwa malaika. Alilifungulia mdomo kabisa. Lakini binti alikuwa anaingia na ndege ya kesho, na binti alikuwa na ujumbe kwenye simu yake, ulioandikwa jina la Hewatiba. Mama angeusikia ukweli huo kwa mwanawe, katika matanga, bila mtu wa kumlaumu isipokuwa mwenyewe na mwanawe. Na zaidi ya hilo, hakuweza kumtazama yule mama usoni na kumpa wezi wa kubuni.

"Mama," akasema, "hawakuwa wezi."

"Ee?"

"Walikuwa sisi. Kampuni imebadilisha jina. Gari lile lilikuwa letu, na mitungi ilikuwa ya mzee, hewa yake ileile. Ile sauti uliyoisikia kwenye simu ilikuwa yetu. Ilibidi nikupigie nikuambie kabla. Nilipigia watu wote. Wewe nikakuacha wa mwisho, mama, kwa sababu nilijua tutaongea sana. Kosa si lako hata chembe. Ni langu."

Vikombe vikatulia mikononi mwa shangazi. Mama hakulia. Aliachia mikono aliyokuwa ameishika, polepole, akairudisha ndani ya khanga. Akatazama miguu ya kiti kilichokuwa mbele yake.

"Kwa hiyo ilikuwa pale getini," akasema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Mitungi miwili."

"Miwili."

"Jumatatu, na Jumanne."

"Ndiyo."

Mama akatikisa kichwa, kama mtu anayekubali hesabu aliyosomewa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile aliyokuwa anasimulia nayo habari za kuku.

"Yeye alisema niwafungulie," akasema. "Ile Jumanne. Alisema, mama, huyu dereva anasema kweli, msikilize anavyoongea, mfungulie. Nikamwambia anyamaze, asiimalize pumzi yake kwa kuongea. Akanyamaza. Hakuongea tena mpaka tunafika hospitali."

Dada wa Simu alibaki palepale mkekani, fomu ikiwa bado mkobani haijatolewa, na mama hakumwambia aondoke wala akae.